Nyamgondho kwenye filamu: ng'ombe wabaki, au tuweke maboti?

Kijana wa Kisumu: Tuko sita, tunaandika filamu fupi ya ngano ya Kiluo, Nyamgondho wuod Ombare. Skripti ina kurasa 12, karibu dakika 12 hivi. Pesa za kukodi kundi la ng'ombe hatuna, kwa hivyo tumemleta ufukwe wa Dunga hapa Kisumu, siku hizi, akiwa tajiri wa maboti. Mwenzetu mmoja anasema tumeiua hadithi. Tubakishe nini, tukate nini?

Nyar Gwassi: Msiguse kitu! Hadithi ni ya kwetu, hata mti aliogeuka wazee wanauonyesha. Maskini alivua mama mzee ziwani, asubuhi boma likajaa ng'ombe. Akaoa wengine, akalewa, akamtukana, mama akarudi majini na mali yote. Ukitoa kimoja si Nyamgondho tena. Na ile sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda ujuzi wa jadi na utamaduni inakataza kabisa kuchukua ngano za watu.

Mwandishi wa skripti: Haikatazi kabisa, dada. Inataka jamii yenyewe iombwe idhini kwanza. Vijana, nendeni Nyandiwa, huko Gwassi, mkaongee na wazee kabla hamjawasha kamera. Lakini hilo la kutoguswa silikubali. Bibi yangu alisema yule mama alikuwa na jicho moja. Jirani yake alikataa katakata.

Mimi ningejiuliza ni kitu gani kikitoka, mwisho hautishi tena. Maboti niliwahi kuyajaribu kwenye karatasi. Mama anaingia ziwani, maboti yanamfuata yenyewe. Picha nzuri, lakini boti kuwa majini ni kawaida yake, nani ataogopa? Ng'ombe ni wa nchi kavu. Umwone anaingia ziwani bila kuswagwa, mwenzake nyuma yake, hakuna anayegeuka. Hapo mwili unasisimka.

Na hamhitaji kundi. Watatu na ndama mmoja wanatosha. Asubuhi ya utajiri, kamera ibaki ndani ya nyumba, kwenye uso wa Nyamgondho anayeamshwa na kwato na milio; sauti mtairekodi siku ya soko la mifugo. Ufukweni, tumieni ng'ombe wanaokunywa maji pale kila siku, na mchungaji wao awepo. Pigeni picha ya miguu tu, maji yakifika magotini, basi. Mchungaji atawaambia viboko hupenda upande gani. Kisha uso wake Nyamgondho, kisha ziwa tupu na kengele inayofifia kama imezama. Mtazamaji atajihesabia mwenyewe waliobaki.

Miaka ya utajiri msiisimulie. Mwanzo anakalia kikapu cha samaki kilichopinduliwa, baadaye kiti, baadaye mtu anamshikia kiti. Dakika moja tu.

Mwalimu wa Nakuru: Sisi mwaka mmoja tulipeleka hadithi ya Simbi Nyaima, kile kijiji kilichozama, kwenye mashindano ya michezo ya kuigiza. Msimulizi alisimama pembeni jukwaani akieleza kila kitu, tukasifiwa sana. Wekeni msimulizi.

Mwandishi wa skripti: Mwalimu, jukwaani hamngeweza kuzamisha kijiji, ndiyo maana msimulizi alihitajika. Kwenye filamu atasema "ng'ombe wakaingia majini" huku tunawaona wakiingia.

Kijana wa Kisumu: Na pale langoni? Tumeandika analewa, anampiga, kisha mama anatoa hotuba ya ukurasa mzima ndipo aondoke.

Mwandishi wa skripti: Kipigo kitoeni. Akipigwa, watu watadhani ameondoka kwa sababu ya kipigo, na lile tusi litapotea. Tusi ndilo ufunguo: anamkumbusha alikotolewa, naye anarudi huko huko. Ningeandika hivi:

*NJE. LANGO LA BOMA. USIKU.*
*NYAMGONDHO: Fungua! Kwani nani alikutoa majini, wewe?*
*Kimya. Lango linafunguka polepole. Mama anampita bila kumtazama. Nyuma yake, kengele moja.*

Hotuba yote nimeitupa.

Mama wa Kakamega: Hapo ndipo sikubali. Mmemnyamazisha! Huyu mama ameletea mtu mali, ametukanwa, na bado hana neno? Wasichana wangu wakitazama watajifunza kwamba mwanamke mwema huondoka kimya.

Mwandishi wa skripti: Anaondoka na ng'ombe wote, mama. Hicho si kimya.

Mama wa Kakamega: Ni kimya. Mpeni hata sentensi moja.

Kijana wa Kisumu: Kipigo kimetoka, ng'ombe wamerudi. Sentensi ya mama bado imetugawa, watatu kwa watatu. Jumamosi tunaenda Nyandiwa.

Nyar Gwassi: Mkifika, ulizeni alikuwa na macho mangapi. Mtalala huko huko.