Tupeane uzoefu: Utaridi inaporudi nyuma, kwenye chati yako inagusa wapi?

Binti_Mzizima: Wakuu, kila Utaridi ikirudi nyuma ni hofu mtindo mmoja: usisaini mkataba, usinunue simu, usisafiri. Mimi Utaridi ya kuzaliwa iko digrii 10 Simba, Jua 22 Kaa, nyota inayochomoza Mapacha. Ile ya Julai 2025 ilipita humo humo. Wenye uzoefu, niogope kiasi gani?

Kaka_Mnarani: Hofu hiyo hiyo na mimi. Nipo hapa nasoma.

Nyota_ya_Bahari: Wewe ni Kaa, ya Simba haikuhusu. Subiri irudi nyuma ndani ya Kaa.

Mzee_Falaki: Hapana ndugu, hiyo ni hesabu ya ukurasa wa nyota gazetini, inayotazama Jua peke yake. Kwenye chati tunatafuta digrii. Julai 18 Utaridi ilisimama digrii 15 na dakika 34 Simba, ikarudi hadi 4 na dakika 14, ikageuka Agosti 11. Eneo lililorudiwa ni digrii 11 na kidogo katika duara la 360. Angalia kama una sayari au pembe ya chati kati ya 4 na 15 Simba, kisha ng'ambo yake kwenye Ndoo, halafu Ng'ombe na Nge zinazokaa pembe mraba. Usipokuta kitu, msimu ule ulikupitia mbali.

Binti, wewe umeguswa kweli, ila tazama umeguswaje. Utaridi ilipita digrii 10 mara tatu: wiki ya kwanza ya Julai ikienda mbele, siku za mwisho za Julai ikirudi, na karibu Agosti 20 ikienda mbele tena. Wajuzi wengi husoma mipito hii kama jambo moja kwa awamu tatu: linaibuka, linakaguliwa upya, linafungwa. Kila mpito una siku chache tu za nguvu, ukihesabu digrii moja huku na huku. Tena ni Utaridi juu ya Utaridi. Hakuna Zohali hapo, hakuna Mirihi.

Mama_Pacha: Msichukulie poa! Shemeji yangu kauza kiwanja mwisho wa Oktoba 2025. Pesa imelipwa, mashahidi wapo, kufungua karatasi namba ya kiwanja ni ya jirani! Mpaka leo familia hazisalimiani. Utaridi hiyo!

Kaka_Mnarani: Duh. Pole sana mama. Aliyeandika namba ni nani?

Dalali_Mstaafu: Aende ofisi ya ardhi afanye upekuzi, apate namba sahihi, waandikishane upya kabla hati haijahamishwa. Nyota baadaye.

Mzee_Falaki: Pole dada. Ila mwisho wa Oktoba Utaridi ilikuwa inaenda mbele. Ilianza kurudi nyuma Novemba 9.

Mama_Pacha: Ilikuwa kwenye kivuli!

Mzee_Falaki: Kivuli kilianza karibu Oktoba 21, hapo uko sahihi. Sasa piga hesabu. Kurudi nyuma ni kama wiki tatu, kivuli ni kama wiki mbili kabla na mbili baada, na yote hayo hutokea mara tatu kwa mwaka, pengine nne. Hiyo ni karibu miezi mitano. Katika miezi mitano karatasi za viwanja zitakosewa tu, na zile za miezi saba iliyobaki hakuna anayezihesabu.

Mama_Pacha: Sikubali. Hujaiona ile karatasi.

Ukht_Zuhura: Na waliozaliwa Utaridi ikirudi nyuma? Karibu mmoja kati ya watano. Nilivyofundishwa, wao msimu huu huwa wepesi zaidi.

Mzee_Falaki: Wapo wanaofundisha hivyo. Mimi sijaridhika nayo.

Ukht_Zuhura: Haya, hilo tuliache. Binti, saa ya kuzaliwa uliijaza vipi kwenye programu?

Binti_Mzizima: Kadi ya kliniki inasema saa 4 usiku. Nikajaza 04:00, Dar es Salaam.

Ukht_Zuhura: Basi hapo ndipo pa kurekebisha. Saa 4 usiku ni 22:00. Umerudi nyuma saa 18. Sayari zenyewe hazijasogea sana, Utaridi haizidi digrii mbili kwa muda huo, lakini nyota inayochomoza hubadilika takriban kila saa mbili. Kwa Jua la 22 Kaa, saa 22:00 Dar inachomoza Samaki. Kwa Mapacha, Utaridi ndiyo mtawala wa chati nzima, na Simba ni nyumba ya tatu, ya mawasiliano na safari fupi. Ndiyo maana maonyo yote yalikuangukia wewe! Kwa Samaki, mtawala ni Mushtarii, na Simba inakuwa nyumba ya sita, ya kazi za kila siku. Kwa mpito ule ningekuambia uhakiki ratiba ya kazini na miadi ya kliniki, basi. Jaza 22:00, ukanda wa saa +3, kisha weka hapa digrii mpya ya Utaridi. Ikisogea digrii moja, tarehe za Mzee nazo zinasogea siku moja au mbili.

Nyota_ya_Bahari: Kwa hiyo na mimi wa saa 2 asubuhi nijaze 08:00?

Ukht_Zuhura: Ndiyo. Ila muulize mama kwanza. Vyeti vingine mwandishi alishabadili saa mwenyewe.