Usaili wa kiufundi ni Alhamisi, pengo la miezi 14 nalieleza vipi?

Pazia_Jeupe
Habari zenu wakuu. Mimi ni programa, upande wa seva. Nimekaa miezi 14 natafuta kazi. Alhamisi saa nne asubuhi nina usaili na mhandisi wa timu yenyewe. Mtu wa rasilimali watu nilishaongea naye na pengo hakuligusa, ila huyu naogopa ataligusa. Kila nikianza kueleza sauti inabadilika, naongea dakika tano na jibu halionekani. Naombeni maneno ya kusema nisikike najiamini.

Kipepeo_Mtoro
Mimi nilikaa miaka 2, mkuu. Siku napata kazi waliniuliza jambo moja tu: Jumatatu unaweza kuanza? Lala usingizi.

Nukta7
Kwenye sivii toa miezi, bakiza miaka. Mimi nilipofanya hivyo ndipo simu zilianza kuingia.

DadaMkaguzi
Nukta7, hiyo inakuvusha kwenye mchujo. Ukishakaa mbele yangu nakuuliza tu "ulimaliza lini pale?" na miezi inarudi mezani. Nimekaa kiti cha msaili miaka 9 sasa.

Mleta mada, kwenye sivii waliyonayo, hiyo miezi 14 umeiandikaje?

Pazia_Jeupe
Kawaida tu, dada. Mimi shida yangu ni namna ya kuongea.

DadaMkaguzi
Kawaida ndiyo ipi? Siwezi kukupa maneno ya kusema bila kujua karatasi imesema nini.

Pazia_Jeupe
Sawa. Nimeandika "mhandisi wa kujitegemea, wateja watatu". Mteja wa kweli ni mmoja, shemeji yangu, anafundisha masomo ya ziada. Nilimtengenezea mfumo wa kurekodi malipo ya wanafunzi, kazi ya wiki mbili hivi.

Lakini wakuu, ningeacha wazi nisingeitwa kabisa. Miezi 6 ya kwanza nilikuwa namuuguza mama, hilo nalo naliandika wapi? Na sivii imeshaenda. Sasa nataka tu kuwapanga wale wateja wawili vizuri nisijikanyage.

Mzee_Wa_Nidhamu
Mwanangu, ukianza kazi kwa uongo utaishi nao humo ndani kila siku. Futa.

Nukta7
Mzee, sivii haifutiki kwenye barua pepe ya watu. Kaka, tengeneza miradi miwili GitHub, rudisha nyuma tarehe za komiti, mchezo umeisha.

DadaMkaguzi
Nukta7, unampeleka shimoni. Ni kweli tarehe ya komiti inaandikwa na kompyuta ya mwenyewe, kwa hiyo inabadilika. Ila wengi hubadilisha moja na kusahau kwamba ziko mbili. Mimi nikiwa na shaka nanakili mradi na kuandika hivi:

```
git log --format=fuller
```

Hapo AuthorDate na CommitDate zinakaa moja juu ya nyingine. Hata akizilinganisha zote, GitHub yenyewe inatunza `created_at`, siku mradi ulipofunguliwa kule, na hiyo haiigusi.

Pazia, mdogo wangu, hao wateja wawili hawatakufia kwenye tarehe. Watakufia kwenye swali la tatu. Mhandisi hana haja kubwa na kwa nini ulikaa nyumbani. Anachotaka kujua ni kama mikono bado inakumbuka kazi, kwa hiyo atakuuliza nini kiliharibika na ulijuaje. Mfumo wa kutunga huwa hauharibiki, na ndivyo tunavyoutambua. Hebu niambie, kwenye ule wa shemeji nini kiliharibika?

Pazia_Jeupe
Malipo yalijirudia. Mtandao ukikatika katikati, simu inatuma tena, na mwanafunzi mmoja anaonekana kalipa mara mbili. Kwanza niliweka seva iangalie kama rekodi ipo kabla ya kuandika. Ikapungua, haikuisha, kwa sababu maombi mawili yakifika karibu karibu yote yanakuta hakuna kitu, yote yanaandika. Mwisho kila malipo yakapewa namba yake na simu, na databesi ikakataa namba iliyokwisha ingia.

```
INSERT INTO malipo (namba, mwanafunzi, kiasi)
VALUES (?, ?, ?)
ON CONFLICT (namba) DO NOTHING;
```

Ila ni kitu kidogo, cha ndugu. Ndiyo maana niliongeza wawili.

Kipepeo_Mtoro
Kaka, hapo umeongea bila sauti kubadilika.

Tundu_La_Ufunguo
Samahani, mimi hii hadithi siinunui. Ujumbe wa kwanza: "miezi 14 natafuta kazi". Baadaye: miezi 6 namuuguza mama. Kisha wiki mbili za shemeji. Akaunti imefunguliwa jana. Huu uzi umetungwa.

Mzee_Wa_Nidhamu
Hata mimi nilianza kuhisi.

Pazia_Jeupe
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani ina jina langu, na walionipangia usaili huenda wanasoma humu. Hesabu ni hii: timu yetu ilivunjwa, sote tukaachishwa. Miezi 6 mama, sikuomba kazi hata moja. Miezi 8 kuomba, na wiki mbili za shemeji zimo humo. Hatua ya kiufundi nimefika mara 5, zote sikupita. Nimezoea tu kusema 14.

DadaMkaguzi
Tundu amekufanyia usaili bure. Umemsikia mtu asiyekufahamu akikamata tofauti ya 14 na 8 kwa kusoma tu. Na hiyo 14 inakuumiza: anayesikia miezi 14 ya kutafuta anafikiri kila mtu amekukataa.

Ningekuwa wewe ningesema hivi, halafu ninyamaze:

"Timu yetu ilivunjwa. Miezi 6 nilimuuguza mzazi, sasa hali imetulia. Tangu hapo natafuta kazi, na katikati nimejenga mfumo mdogo wa malipo uliokuwa unarudia rekodi mtandao ukikatika. Nikueleze nilivyoukomesha?"

Haifiki nusu dakika. Swali la mwisho ndilo linalomtoa kwenye maisha yako na kumleta kwenye kazi. Kama hali ya mama haijatulia usiseme imetulia, maana atakuuliza kuhusu saa za kazi.

Sivii itume upya leo kwa aliyekupangia usaili: "Naambatanisha toleo lililosahihishwa, sehemu ya kazi za kujitegemea ni mteja mmoja." Usiongeze maelezo.

Nukta7
Wakimfuta je? Wewe dada huna cha kupoteza hapo.

DadaMkaguzi
Wanaweza kumfuta, sikatai. Mimi binafsi ningemwita, ila siwezi kuwasemea wao.

Pazia_Jeupe
Mama ametulia, anatembea. Ile sivii nimekaa nayo saa tatu kidole kiko kwenye kitufe. Nimetuma. Hawajajibu, ila kwenye kalenda usaili bado upo.

Tundu_La_Ufunguo
Bado swali moja nikuamini. Ile namba ya malipo simu inaitengeneza lini, fomu ikifunguka au mtu akibonyeza Tuma?

Pazia_Jeupe
Fomu ikifunguka. Mwanzo niliiweka kwenye kubonyeza, na mtu akibonyeza tena inatoka namba mpya, databesi inaona ni malipo mengine. Siku mbili nilikuwa nailaumu seva.

Tundu_La_Ufunguo
Basi nimerudisha maneno yangu. Hizo siku mbili za kulaumu seva usiziache nyumbani Alhamisi.