Tupeane uzoefu: nani aliwahi kughairi mkopo baada ya kusaini?

Chausiku: Wadau, barua ya ofa niliyosaini ina kipengele cha muda wa kutafakari. Pesa imeshaingia na sijaigusa. Aliyewahi kujitoa katika hali hii alifanyaje?

Fundi Saa: Mimi niliirudisha yote kwenye akaunti ileile, nikajua yameisha. Mwisho wa mwezi wakakata rejesho kama kawaida! Kumbe kwao ile ilikuwa amana tu, mkopo bado hai.

Nyota Njema: Barua yangu iliandika "ofa hii ni halali kwa siku 14". Kwa hiyo ndani ya siku 14 unaghairi bila shida.

Afisa Mstaafu: Nyota, hapo umechanganya. Hizo ni siku za kuikubali ofa. Zikipita bila saini yako, ofa imekufa. Muda wa kughairi ni kipengele kingine, huhesabiwa kuanzia mkataba, na urefu wake hutegemea sheria ya nchi na mkataba wenyewe. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inampa mkopaji siku 14.

Chausiku, anza na maandishi: "Natumia haki yangu ya kujitoa katika mkataba namba fulani." Peleka kabla muda haujaisha, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukirudisha pesa bila barua, wanaweza kuihesabu kama kulipa kabla ya muda na kukutoza faini.

Halafu tazama makato. Tuseme mkopo ni 1,000,000, riba 18% kwa mwaka. Wamekata ada 30,000 na bima 10,000, mkononi umepata 960,000. Riba inatembea juu ya milioni nzima, kama 493 kwa siku. Siku nne ni karibu 2,000. Swali ni zile 40,000. Bima itaje kwa jina kwenye barua na uombe ifutwe, maana mara nyingi ina mkataba wake. Ada, soma kama imeandikwa hairudishwi.

Chausiku: Imeandikwa "hairudishwi baada ya mkopo kutolewa".

Afisa Mstaafu: Basi huenda wakadai milioni kamili pamoja na riba, na pengo la ada ulizibe wewe. Lakini kama sheria ya kwenu inasema mkopaji anayejitoa hadaiwi ada, kipengele hicho hakina nguvu. Waulize kwa maandishi wanategemea kifungu gani.

Bint Salama: Jamani, mimi nimemdhamini shemeji na sasa halipi. Naweza kujitoa?

Fundi Saa: Dada, udhamini ni habari nyingine, fungua mada yake. Chausiku, kama makato yako ni ya mshahara, hakikisha na mwajiri amepata barua ya kusitisha. Mfumo wa mishahara hausubiri tawi.

Chausiku: Afisa mikopo ananiambia nimwachie barua, ataigonga muhuri kesho. Muda wangu unaisha kesho hiyohiyo.

Afisa Mstaafu: Usimwachie. Tuma na barua pepe leo, kwa anwani iliyo ndani ya mkataba.