Ushauri: naandika skripti ya video ya usalama kazini, nimekwama

Msagaji
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo kiwanda cha unga wa mahindi, wapi sisemi. Bosi kanibebesha kazi ya kuandika video ya mafunzo kwa waendesha mitambo, kisa tu napiga picha za harusi. Kisa chenyewe: ile skrubu ndefu inayosukuma unga ndani ya mfereji imeziba, kijana anaingiza mkono kuzibua, vidole vinakwenda. Damu, muziki wa huzuni, mwisho. Lengo nimeandika "mfanyakazi aelewe umuhimu wa usalama". Naona kama haijakaa, na Jumamosi tunarekodi. Nifanyeje?

Kapuku Jeuri
Muziki wa huzuni weka kwaya. Naweka kambi hapa.

Mama Nidhamu
Vijana wa sasa simu masikioni, mawazo kwenye mikeka. Hata muwape sinema, hawasikii.

Fundi Sumaku
Mkuu, "aelewe umuhimu" utampimaje? Andika kitu utakachomwona anakifanya: kabla ya kuingiza mkono atazima swichi kuu, ataipiga kufuli lake na ufunguo utakaa mfukoni mwake, atatundika lebo yenye jina lake, halafu atabonyeza kitufe cha kuwashia aone kama mtambo hauzunguki. Hilo tu linatosha video ya dakika tano. Wengi huruka hapo mwisho, kumbe huenda wamezima swichi ya mtambo wa jirani.

Damu punguza. Watu watatoka wanasimulia vidole, kufuli hawalikumbuki. Simamisha picha mkono ukiwa bado nje ya mfereji, uliza "Wewe hapa ungefanya nini?", waache wabishane, kisha onyesha njia sahihi mpaka mwisho.

Na huyo kijana kwa nini aingize mkono? Mjinga hayupo. Weka msimamizi anayepiga kelele kwamba lori linasubiri, na mwenzake aliye kwenye paneli ghorofani, hamwoni aliye chini. Ajali zinatokea hivyo.

Dada wa Zamu
Mnazunguka sana. Sisi huku kwenye mikate tunabonyeza kile kitufe chekundu cha dharura, mashine inasimama, unatoa donge lako. Binamu yangu aliumia kwa sababu hakukibonyeza.

Fundi Sumaku
Kinasimamisha kweli, dada, na ajali ikianza kibonyeze haraka. Ila mtu akikizungusha kinaruka juu, mwingine anawasha, na mkono wako uko ndani. Umeme wa mota bado upo pale. Msagaji, swichi zenu zina tundu la kupitisha kufuli?

Msagaji
Picha nimeshazipanga zote lakini.

Fundi Sumaku
Nimeuliza tundu.

Msagaji
Hazina. Paneli ya zamani. Na kifuniko cha mfereji kilishatolewa siku nyingi ili kuzibua kuwe kwepesi. Lakini kwenye video kufuli tutalishikiza kwa waya, halitajulikana. Mwigizaji keshapewa kianzio, siwezi kurudi nyuma.

Fundi Sumaku
Kumbe! Sasa unamfundisha mtu kitu ambacho Jumatatu hawezi kukifanya. Wataangua kicheko ukumbini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine, video haizibi kitu. Rudisheni kifuniko, fungeni swichi inayokubali kufuli. Kwa sasa fundi umeme achomoe fyuzi za mota hiyo, akae nazo yeye mpaka kazi iishe, na video ionyeshe hivyo hivyo.

Kapuku Jeuri
Hii chai. Kiwanda kina hela ya mwigizaji, ya kufuli hakina? Halafu wewe si ndiye ulikuwa unauza kuku wa kienyeji humu?

Mama Nidhamu
Nilijua tu. Watu wanatupotezea bando.

Msagaji
Kuku ni wa mke wangu. Chai gani? Matundu ya boliti za kile kifuniko yamejaa unga uliogandamana mpaka umekuwa kama saruji. Tunazibulia kipande cha nondo, kinaning'inia kwenye msumari kando ya paneli, ncha imeng'aa kwa kutumika.

Dada wa Zamu
Ncha imeng'aa... huyu hatungi, Kapuku. Na sisi tunayo kama hiyo.

Fundi Sumaku
Hiyo nondo iingize kwenye picha ya kwanza. Kila mwendeshaji ataitambua. Bosi anajua habari ya tundu?

Msagaji
Anataka video iwe tayari kabla mkaguzi wa OSHA hajaja. Nikimwambia sasa ataahirisha, hela ya mwigizaji itanirukia mimi. Nitamwambia tukimaliza kurekodi.

Fundi Sumaku
Mwambie kesho asubuhi. Mkaguzi ataanza kwenye paneli, wala hatakaa kutazama sinema.

Kapuku Jeuri
Bado ni chai, ila ina tangawizi.

Mama Nidhamu
Hao kuku, jogoo bei gani?