Kibodi ya bei ndogo: membreni, siza au mekanikali?

Karani_huru: Wakuu habari zenu, nataka kibodi ya kuchomeka kwa waya, kazi yangu ni kuchapa nyaraka za watu kutwa nzima, kama maneno 3,000 kwa siku. Bajeti ni ndogo kweli, ikitoka hii sina nyingine ya karibuni. Membreni ndo rahisi kuliko zote, siza iko katikati, mekanikali ya chini kabisa inanigharimu kama mara tatu ya membreni. Ipi itadumu bila kuniumiza vidole?

Kipanga: Chukua mekanikali mkuu. Membreni wanaiandikia mibonyezo milioni 5 hadi 10 kwa kitufe, mekanikali milioni 50 kwenda juu. Hesabu iko wazi.

fundi_bodi: Kipanga namba zako ni sawa ila kwa huyu ndugu hazimalizi jambo, tupige hesabu kwa kazi yake. Maneno 3,000 maana yake spesibaa inagongwa kama mara 3,000 kwa siku, kwaiyo hata membreni ya milioni 5 inafika siku 1,666, miaka minne na nusu bila kupumzika hata siku moja. Ya milioni 50 ni miaka 45, na waya wake utakuwa ushakatika pale unapoingilia kwenye kibodi zamani sana.

Membreni nyingi ninazofungua hazijafa kwa kugongwa. Chini ya vile viputo vya mpira kuna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, chai ikiingia katikati njia inaliwa na kutu, alafu unaona herufi kadhaa zinakufa kwa pamoja maana zinatumia njia moja. Ukiona hivyo ujue ni karatasi. Kikiwa kitufe kimoja tu kizito au hakirudi juu, hapo angalia uchafu au mpira wake umechanika, hiyo inasafishika.

Mama_Nuru: Samahani naingilia, mimi ya laptopu herufi E imechomoka na kimguu chake cha plastiki kimevunjika, hiyo nayo ni mekanikali? Naweza gundisha?

fundi_bodi: Hapana mama, hiyo ni siza. Usitie gundi, itaganda kwenye mpira na kitufe hakitashuka tena. Tafuta kitufe pamoja na kimkasi chake cha modeli hiyohiyo, vinatofautiana hata ndani ya kampuni moja. Na hapo ndo udhaifu wa siza, ndani ni mpira na karatasi zilezile za membreni, umeongezewa vimkasi vya kukishika kitufe kisiyumbe, kwaiyo unalipa zaidi kwa raha ya kuchapa na sio kwa uimara.

Zuhura_chapa: Lakini raha yenyewe ipo jamani, tusiidharau. Kitufe cha siza kinashuka milimita moja na nusu hivi na kibodi ni nyembamba, kiganja kinalala. Mekanikali zinashuka hadi 4 na mwili wake mrefu, mie bila kitu cha kuegemeza viganja mkono unauma kabla ya mchana.

Kipanga: Ila mekanikali huhitaji kugonga mpaka chini, herufi inatoka ukifika kama milimita 2. Membreni lazima ufike sakafuni ndo isome. Kwa mtu wa kutwa nzima hiyo ndo inaokoa vidole, ukizoea.

Zuhura_chapa: Ukizoea. Wengi tunagonga mpaka chini vilevile.

Karani_huru: Na kelele je? Nachapa usiku watoto wamelala.

fundi_bodi: Kwenye mekanikali kila kitufe kina swichi yake chini, epuka za bluu basi, zile zina mlio kwa makusudi. Nyekundu zinashuka laini bila mlio huo, kahawia zina kikwazo kidogo cha kukuambia herufi imetoka.

Ukiamua mekanikali, sababu nzuri ni moja, kitufe kimoja kikianza kutoa herufi mbilimbili unabadili swichi hiyo tu. Ila hakikisha ni ya soketi, swichi inachomoka kwa koleo dogo. Zilizolehemewa zinataka joto la risasi na mkono wa fundi, nafuu yote inaishia hapo. Na bodi za bei ya chini kuna zenye soketi za matundu membamba ambazo hazipokei swichi za kila kampuni, uliza kabla hujalipa.

Kama ya soketi haifikiki, mi ningechukua membreni ya kawaida yenye waya mnene, siza naiacha.

Zuhura_chapa: Mi bado nasema siza, vidole ni vyake yeye.

Karani_huru: Nimewasoma. Ya soketi nyekundu nimeiona moja imetumika, naenda nayo laptopu nifungue ukurasa mtupu nibonyeze kila kitufe mara kadhaa nione kama kuna inayorudia.

fundi_bodi: Na uutikise waya pale shingoni huku umeshikilia herufi moja. Ikikatakata, acha.