Kanikata mstari wa nne mbele ya darasa zima!

Mwenye uzi: Wakuu, nina hasira hadi vidole vinatetemeka. Yule mwalimu mnamjua, simtaji. Leo karudisha karatasi za jaribio, yangu akaishika kwa ncha za vidole kama kaokota panya, akasoma kwa sauti: "Mstari wa nne umerudia wa tatu. Unajaza karatasi?"

Orodha ilikuwa 7, 3, 9, 2, 5. Swali: fuata msimbo huu, onyesha orodha kila raundi inapoisha.

```
FOR i ← 1 TO 4
  FOR j ← 1 TO 5 - i
    IF A[j] > A[j+1] THEN
      SWAP A[j], A[j+1]
```

Jedwali langu:

```
i=1   3 7 2 5 9
i=2   3 2 5 7 9
i=3   2 3 5 7 9
i=4   2 3 5 7 9
```

Msimbo unasema hadi 4! NNE! Kapiga peni nyekundu mpaka karatasi ikatoboka, darasa likacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Unajaza karatasi, mimi?!

Kobe Mwendokasi: Hapo kwa panya nimecheka peke yangu kwenye daladala. Endelea mkuu.

Zunguka Nao: Ila mwalimu yuko sahihi. Raundi ya tatu orodha imeshakaa sawa, kompyuta inasimama yenyewe.

Da Mwasi: Inasimama kwa kuambiwa na nani, mdogo wangu? Humo hakuna bendera inayokumbuka kama kuna waliobadilishana. Na hata ingekuwepo, raundi ya tatu 3 na 2 wamebadilishana, kwa hiyo ingeingia ya nne. Ni mpaka imalize raundi nzima bila kubadilisha kitu ndipo iache. Mistari ni minne kwa vyovyote.

Zunguka Nao: Haya. Na orodha ya mwanzo, kabla ya raundi ya kwanza? Kwetu usipoiandika unakatwa alama.

Da Mwasi: Hapo kila msahihishaji na lake.

Mwenye uzi: Kwa hiyo nidai alama yangu? UNAJAZA KARATASI, jamani!

Kobe Mwendokasi: Dai, halafu utuletee uzi wa pili.

Mama Swali la Sita: Nyie mna nafuu. Sisi tulipewa 9, 4, 6, 1, 7, tutafute 4 kwa kugawa nusu kwa nusu. Katikati ni 6, nikaenda kushoto. Zikabaki 9 na 4, katikati ikaangukia 9, nikaenda kushoto tena, hakuna kitu. Nikaandika "haipo", na 4 naiona nafasi ya pili inanikodolea macho!

Da Mwasi: Orodha haikupangwa, njia hiyo haifai hapo. Ila kama swali ni kufuata msimbo, "haipo" ndilo jibu. Weka picha ya swali.

Mama Swali la Sita: Karatasi alibaki nazo. Alisema nimepofuka.

Zunguka Nao: Wetu yeye anasahihisha kwa penseli, ukienda kulalamika anafuta.