Makosa mawili yamegeuzwa kwenye mwongozo wa kusahihishia, swali la kupima damu. Naombeni ushauri

Kichwa Kinauma:
Wakuu, habarini za usiku. Hili ni la rafiki yangu, mwalimu msaidizi kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Anafundisha takwimu mwaka wa pili. Kwenye jaribio kulikuwa na swali la wachangiaji damu wanaopimwa homa ya ini B, mwanafunzi aeleze kosa la aina ya kwanza ni lipi na la aina ya pili ni lipi. Mwongozo unasema la kwanza ni kuipitisha damu yenye maambukizi, la pili ni kumwaga damu iliyo salama. Sasa kuna binti amekuja na skripti yake, kapata 2 kati ya 10, anasema mwongozo umegeuzwa. Rafiki anaona swali linajibika pande zote mbili. Akimjibu hivyo yule binti, yataisha? Skripti zipo 143 na zote zimeshasahihishwa. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Tandika:
Binti yuko sahihi, hakuna mjadala hapo. Kosa la kwanza ni mbwa kubweka na mwizi hayupo. La pili ni mwizi kaingia, mbwa kalala. Daima! Kumwaga damu salama ni mbwa kubweka bure, basi ni la kwanza. Nilikariri hivyo na sapu sikuwahi kuiona.

Shangazi wa Pugu:
Pole mwanangu. Huyo binti ameshaambiwa kwamba ana homa ya ini? Asikate tamaa, akapime tena hospitali nyingine. Mdogo wangu aliambiwa hivyohivyo mwaka juzi, kulia kwote kule, kumbe hana kitu.

Kichwa Kinauma:
Shangazi, binti haumwi. Ni swali la mtihani tu.

Shangazi wa Pugu:
Haya. Lakini apime.

Fundi Maabara:
Mimi hizo aina za kwanza na za pili nilishazisahau, ila kazi yenyewe naifanya kila siku. Mashine inatoa namba, na kuna mstari: chupa ikivuka mstari inatengwa. Ukiushusha mstari, damu mbaya inayokuponyoka inapungua, lakini zile salama unazozimwaga zinaongezeka. Ukiupandisha, kinyume chake. Kushusha vyote viwili kwa kusogeza mstari tu haiwezekani. Labda ununue kipimo bora au upime mara mbili.

Na msidhani kumwaga chupa salama ni jambo dogo. Wiki iliyopita tulikuwa na mama wa uzazi anavuja damu, kundi O hasi, friji ina chupa moja. Siku kama hiyo kila chupa uliyoimwaga kimakosa unaikumbuka. Halafu kuna mchangiaji mwenyewe. Tulikuwa na kijana kapigiwa simu arudi kupimwa upya, hakusubiri hata majibu, kamwambia mchumba wake kila kitu siku hiyohiyo. Kipimo cha pili kikaja safi. Mchumba hajarudi mpaka leo.

Mama Wastani:
Fundi kaeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Kijana wa Tandika, wewe uko sahihi nusu, na kinachokuponza ni hilo neno "daima". Kosa la kwanza maana yake ni kuikataa H0, ile dhana unayoanza nayo, wakati ni kweli. Mbwa wako anabweka bure na tunaliita la kwanza kwa sababu ulianza kwa kudhani nyumba haina mwizi. Anzia upande wa pili, useme H0 ni "kuna mwizi" na mbwa atuthibitishie kwamba hayupo. Hapo mbwa akilala mwizi akiwa ndani, amekosea aina ya kwanza.

Na huko si kucheza na maneno. Neyman na Pearson walioleta makosa haya mawili, makala yao kubwa ya 1933, hawakuyaona kuwa na uzito sawa. Neyman baadaye alifundisha kwamba kosa unaloliogopa zaidi ndilo ulifanye la kwanza, kwa kuwa hilo ndilo unalolishika kwa alfa, yaani kiwango cha kosa hilo unachokubali tangu mwanzo. Kwa fikra hiyo, kwenye damu unaweza kabisa kusema H0 ni "chupa hii ina maambukizi" mpaka kipimo kituoneshe vingine. Kwa hiyo swali langu kwa mwenye uzi ni moja: H0 ilikuwa ipi?

Kichwa Kinauma:
Asante sana mama. Nilimwambia rafiki yangu hivyohivyo, kwamba pande zote zinakubalika. Basi nadhani tumemaliza.

Mama Wastani:
Hujajibu. H0 ilikuwa ipi?

Kichwa Kinauma:
Haikuchapwa kwenye swali. Kipengele (i) kilimtaka mwanafunzi aiandike mwenyewe, alama 2. (ii) ndiyo ya makosa mawili, alama 4. (iii) achague alfa ya 0.01 au 0.10 na atoe sababu, alama 4. Walipewa jedwali: wachangiaji 1000, wenye maambukizi 20. Kwa alfa 0.01 kipimo kinapitisha 4 kati ya hao 20, kwa alfa 0.10 kinapitisha 1.

Ngosha Hadanganyiki:
Chai hii, na sukari imezidi. Jumapili saa nne usiku, mtu ana "rafiki", swali lina (i), (ii), (iii), jedwali namba zimekaa kama askari wa gwaride. Huyu anatafutiwa majibu ya asaimenti ya Jumatatu na nyie mnammiminia tu. Hakuna binti wala skripti. Halafu alfa 0.01 kwa wazima 980 ni chupa 9.8. Hiyo nane ya desimali mnaimwagaje, kwa kijiko?

Kijana wa Tandika:
😂😂 Kwa kijiko!

Mtumishi Eliya:
Hata kama ni chai, ujumbe ubaki. Alama za mtu ni jasho lake. Anayezizuia anazuia ujira wa kibarua, na kilio chake kinafika juu.

Ngosha Hadanganyiki:
Mtumishi, tulia kidogo. Mwenye uzi, nakupa nafasi moja. Huyo binti alipata 2. Ni alama za kipengele gani, na aliandika nini?

Kichwa Kinauma:
Za (i). Aliandika H0: mchangiaji hana maambukizi.

Ngosha Hadanganyiki:
Na mwongozo ukampa zote mbili?

Kichwa Kinauma:
Ndiyo. Mwongozo kwenye (i) unasema hivyohivyo, hana maambukizi.

Mama Wastani:
Basi mwongozo unajipinga wenyewe. Kwenye (i) unaanza na "hana", ukifika (ii) unahesabu makosa kama aliyeanza na "ana". Ile hoja ya pande zote mbili haiwezi kukutetea hapa, maana mtu akishachagua upande lazima atembee nao mpaka mwisho.

Angalia (iii) uone madhara. Ukianza na "hana", kuipitisha damu mbaya ni kosa la pili. Ukiliogopa hilo unapandisha alfa, unachukua 0.10. Unamwaga chupa salama kama 98 badala ya 10 hivi (hiyo desimali ya Ngosha ni wastani tu, hakuna kijiko), na wagonjwa wanaoponyoka wanashuka kutoka 4 hadi 1. Chupa 88 za ziada kwa ajili ya kunasa 3. Mwongozo bila shaka unasema 0.01, kwa sababu umeshaamini kosa baya ndilo la kwanza. Tukiufuata kwa namba hizo hizo za jedwali, tunapitisha chupa 4 zenye maambukizi huku tukijisifu kwa uangalifu. Jedwali lenyewe linaukana mwongozo. Binti alichagua 0.10?

Kichwa Kinauma:
Alichagua 0.10. Akaandika "bora kumwaga nyingi kuliko kumpa mtu ugonjwa". Nikampa sifuri.

Kijana wa Tandika:
"Nika"?

Ngosha Hadanganyiki:
Tumefika.

Kichwa Kinauma:
Sawa wakuu, ni mimi. Swali nilitunga mimi, na mwongozo ni wangu. Rasimu ya kwanza H0 ilikuwa "damu ina maambukizi", kama alivyosema mama. Halafu nikaona wanafunzi wamezoea kuanza na "hana", nikabadilisha (i) usiku wa kuamkia jaribio. Nikasahau kushuka chini. Mhadhiri alisaini bila kusoma, alama zimeshaingizwa kwenye mfumo, na mkataba wangu unaisha Juni. Nilichopanga ni kumrudishia yule binti alama zake 8 kimyakimya, maana wengine hawajalalamika. Si kwamba nadhulumu, mwenye haki anakuja kuidai.

Fundi Maabara:
Mdogo wangu, huko maabara tukigundua mstari uliwekwa vibaya asubuhi, hatumwiti yule mgonjwa aliyelalamika peke yake. Tunarudia trei nzima.

Kichwa Kinauma:
Kaka, trei yako ina visima 96. Mimi nina 143 na kila mmoja kaandika insha.

Ngosha Hadanganyiki:
Naondoa neno chai. Mtu anayetunga hadithi angejitungia tabia nzuri kidogo.

Mama Wastani:
Huhitaji kusoma insha zote upya. Angalia (i) kwanza, ugawe mafungu mawili. Aliyeandika "hana" msahihishe (ii) na (iii) kwa mwongozo uliorekebishwa. Aliyeandika "ana" na akatembea nayo, alama zako za (ii) na (iii) zibaki, ila umrudishie zile 2 za (i) ulizomnyima. Na kwenye (iii) soma sababu, usitazame namba peke yake. Mtu anaweza kuchagua 0.01 kwa kuhofia friji tupu ya Fundi, na akawa hajakosea.

Kijana wa Tandika:
Mama, hapo kwa "ana" sikubali. Lekcha wetu alisema H0 lazima iwe ya "hakuna kitu". Wangepewa sifuri wote.

Mama Wastani:
Wako wanaofundisha hivyo, na mazoea hayo yana faida yake. Lakini swali halikusema hivyo, na mwenye swali mwenyewe alianza na "ana".

Kichwa Kinauma:
Nimepitia 30 za mwanzo sasa hivi. 22 waliandika "hana", 5 waliandika "ana". Kati ya hao 22, 9 walijibu (ii) kama mwongozo wangu ulivyotaka na nikawapa zote. Hao nikiwageuzia zinashuka. Na wapo 3 walioiacha (i) wazi kabisa, wakaruka (ii) moja kwa moja. Hao nawapimia upande gani?

Kijana wa Tandika:
Wa kawaida. "Hana".

Mama Wastani:
Mimi ningesoma (iii) yao nione walikuwa wanatoka wapi. Na hao 9 usiwashushe kabla hujaonana na mhadhiri. Ana kwa ana, si kwa meseji.

Kichwa Kinauma:
Kesho saa tatu ana kipindi. Nitamsubiri mlangoni.

Shangazi wa Pugu:
Na yule binti, mmeshamwambia hana ugonjwa?